Nani Alihamisha Milingoti ya Goli?

Septemba 2009, katika mechi ya ligi kuu ya Sweden, kamera za televisheni zilimnasa kipa Kim Christensen wa IFK Göteborg akifanya jambo ambalo mashabiki wengi hawakuwahi kuliona. Alisogea hadi kwenye mlingoti mmoja wa goli lake, akaupiga teke chini, nao ukaingia ndani kidogo. Akaenda kwenye mlingoti wa pili, akafanya vilevile. Goli ambalo kwa mujibu wa sheria lina upana wa meta 7.32 likapungua kwa sentimeta kadhaa. Mwamuzi alikuja kugundua dakika kama 20 baadaye, akairudisha milingoti mahali pake, na mchezo dhidi ya Örebro ukaendelea. Christensen alikiri kwamba haikuwa mara yake ya kwanza. Hila hiyo alikuwa amefundishwa na rafiki yake miaka ya nyuma.

Kwa mhariri wa michezo anayepokea habari zilizotafsiriwa na mashine, kisa hiki ni mtihani mzito kuliko kinavyoonekana. Waingereza wana msemo wao wa kuhamisha milingoti ya goli, na maana yake ni kumbadilishia mtu masharti wakati ameshaanza kuyatimiza. Kocha akiambiwa akimaliza nafasi ya nne atabaki kazini, kisha ligi ikikaribia kwisha akaambiwa lazima atwae kombe, atawaambia waandishi wa habari kwamba viongozi wake wamehamisha milingoti. Hapo hakuna aliyegusa mlingoti wowote.

Mashine inaweza kuzitoa habari zote mbili, ya kocha huyo na ya Christensen, kwa Kiswahili kilekile: “alihamisha nguzo za goli.” Sentensi haina kosa la sarufi. Upatanisho uko sawa, kitenzi kiko mahali pake, na hakuna neno geni linaloshtua jicho. Mhariri anayesoma Kiswahili peke yake hana njia ya kujua kwamba sentensi moja ni kweli tupu na nyingine ni uongo mtupu.

Hatari haiishii hapo. Mhariri aliyewahi kuumizwa na msemo huu hujifunza kuuogopa, na siku nyingine akikutana nao anaurekebisha bila kuuliza. Akiletewa habari ya Christensen ataandika kwamba kipa “alibadili masharti,” na hapo atakuwa amefuta tukio lenyewe lililoifanya habari iandikwe. Ndiyo maana hakuna orodha ya misemo, hata iwe ndefu namna gani, inayoweza kufanya kazi hii peke yake. Swali la kwanza ni lile ambalo mwandishi wa michezo angejiuliza akiwa jukwaani: uwanjani kulitokea nini?

Ukurasa wa michezo ni mgumu kuliko kurasa nyingine kwa sababu hii hasa. Katika habari ya siasa, mtu akiandika kwamba serikali imehamisha goli, msomaji anajua papo hapo kwamba inasemwa kwa mafumbo, kwa kuwa serikali haina goli. Tena siku hizi wabishi wa siasa katika Kiswahili wanaambiana “usihamishe magoli,” na wanaelewana vizuri. Kwenye ukurasa wa soka, goli lipo, milingoti ipo, kipa yupo na mwamuzi yupo. Kila kitu kinachotajwa na msemo huo kiko pale uwanjani, kwa hiyo msomaji ana kila sababu ya kuamini kwamba ndicho kinachozungumzwa.

Makosa yanayochekesha si ya kuogopwa sana. “Alifunga malengo mawili” ni mfano unaojulikana. Kwa Kiingereza, bao na lengo ni neno moja, na kwa muda mrefu maandishi mengi ya Kiingereza yenye Kiswahili chake kando, ambayo mashine hujifunzia, yalikuwa vitabu vya dini, taarifa za serikali na ripoti za mashirika ya kimataifa. Katika ripoti hizo, neno hilo linarudi mara kwa mara likiwa na maana ya lengo: malengo ya milenia, malengo ya maendeleo endelevu, malengo ya mradi. Mabao ya Jumamosi yalikuwa machache mno kuweza kushindana nayo. Kiswahili kiliingia katika huduma ya Google Translate mwaka 2009, na tangu hapo tafsiri zimekuwa nyororo zaidi na zaidi, lakini ukipata “lengo” kwenye habari ya soka unajua mara moja kwamba hakuna mtu aliyeisoma kabla ya kuchapwa. Kosa kama hilo linajipigia kengele lenyewe.

Kosa lisilopiga kengele ndilo la kuhofia. Chukua fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2015, iliyochezwa Bata, Guinea ya Ikweta, Februari 8 mwaka huo. Ivory Coast na Ghana zilicheza dakika 120 bila bao, zikaenda kwenye mikwaju ya penalti. Ivory Coast walianza vibaya: mpira wa Wilfried Bony uligonga mwamba, na wa Junior Tallo ukatoka nje. Ghana nao wakakosa miwili. Baada ya mikwaju mitano kila upande walikuwa 3-3, na kuanzia hapo kila timu ilipiga mmoja mmoja, ikisubiriwa ipatikane itakayofunga mwenzake akose. Zamu ikazunguka wachezaji wote 10 wa ndani hadi kuwafikia makipa. Boubacar Barry wa Ivory Coast akaupangua mkwaju wa kipa wa Ghana, Razak Braimah, kisha akainuka na kufunga wa kwake. Ikawa 9-8.

Hatua ile ya kupiga mmoja mmoja ina jina kwa Kiingereza, na jina hilo neno kwa neno ni “kifo cha ghafla.” Mashine ikiandika kwamba Ivory Coast walitwaa ubingwa Bata baada ya kifo cha ghafla, msomaji wa Mwanza au Mombasa hataona msemo pale. Ataona msiba. Atauliza aliyefariki ni nani, ni mchezaji au shabiki, na kwa nini mechi haikuahirishwa. Habari ikisambazwa kwenye simu, kufikia asubuhi itakuwa imeshapata jina la marehemu.

Neno “marehemu” nalo linahitaji kuchungwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kilichochelewa na kwa mtu aliyekwisha kufa, na hutumia neno jingine moja kwa mshindi na kwa bao la ushindi. Mwandishi wa Kiingereza akiandika kwa maneno mawili tu kwamba bao la ushindi lilipatikana mwishoni mwa mchezo, mashine inaweza kutoa “mshindi marehemu.” Tafsiri ya namna hii haifai kuchukuliwa kama hitilafu ndogo ya lugha. Ni tangazo la kifo la mtu aliye hai, na gazeti likilichapa linapaswa kuomba radhi.

Namna ya kusafisha inaonekana vizuri zaidi kwenye aya nzima kuliko kwenye neno moja moja. Aya hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila kosa lililomo ni la aina inayotokea mezani:

“Meneja alifurahishwa na karatasi safi ya upande wake. Mbadala alimpa mlinzi kungumanga kabla ya kufunga mshindi marehemu, baada ya wageni kuegesha basi na kugonga kazi ya mbao mara mbili.”

Mhariri mwenye haraka ataanza na kungumanga, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Ni kiungo cha pilau, kinalimwa Zanzibar, na hakina kazi uwanjani. Kwa Kiingereza jina la kungumanga ndilo pia jina la kitendo cha kumpitishia mtu mpira katikati ya miguu. Mashabiki wa Tanzania wana neno lao siku nyingi: amepigwa tobo. Hapo kazi imekwisha kwa sekunde mbili.

Karatasi safi nayo ni rahisi. Kipa hakuruhusu bao, basi. Mwandishi anayependa kupamba ataandika kwamba nyavu zake hazikutikisika.

Ugumu unaanza kwenye “kazi ya mbao.” Waingereza wana neno moja linalobeba goli lote, mwamba wa juu pamoja na milingoti ya pembeni, kutoka enzi ambazo magoli yalikuwa ya mbao. Kiswahili hakikubali kufumba hivyo. Mpira umegonga mwamba au umegonga mlingoti, na anayesema mwamba huku shuti lilipiga mlingoti amesema jambo lisilotokea. Mhariri hawezi kuchagua kwa kusikiliza lipi linapendeza. Inabidi afungue taarifa ya dakika kwa dakika ya mechi hiyo, au atazame picha za marudio. Asipopata, aandike kwamba mara mbili mpira uligonga goli ukarudi uwanjani, na asiongeze chumvi.

Bao la mwishoni linadai uangalifu uleule. Kiswahili cha michezo kina “dakika za lala salama,” msemo mzuri ambao kila msomaji wa gazeti la michezo Tanzania anaujua. Lakini “mwishoni” kwa Kiingereza inaweza kuwa dakika ya 78 au ya 94, na ya 78 si lala salama. Dakika yenyewe ipo kwenye rekodi ya mechi, kwa hiyo iandikwe. Na kama ni muda ule ulioongezwa na mwamuzi baada ya dakika 90, ni bora kuuita dakika za majeruhi, kwa sababu “dakika za nyongeza” humfanya msomaji adhani ni zile 30 za nyongeza zinazochezwa timu zikitoka sare kwenye mechi ya mtoano. Kosa la aina hii halichekeshi mtu yeyote, na kwa hiyo linapita.

Kosa kubwa kuliko yote katika aya ile ni neno la kwanza. Katika soka ya Uingereza, mtu anayepanga kikosi na kukaa kwenye benchi la ufundi huitwa kwa jina ambalo mashine hulifanya “meneja.” Katika klabu za Tanzania, meneja wa timu yupo na ni mtu mwingine: anashughulika na safari, kambi, vifaa na nyaraka za wachezaji, wakati kikosi kinapangwa na kocha. Sentensi “meneja amefukuzwa baada ya vipigo vitatu” ikisomwa Dar es Salaam inamtaja mtu asiyehusika. Haina harufu yoyote ya tafsiri, na ndiyo sababu inafaa kuwekwa juu kabisa katika vitu vya kukaguliwa.

Limebaki basi. Hapa mhariri mwenye bidii anaweza kuharibu kwa kusafisha kupita kiasi. Septemba 2004, baada ya Chelsea kutoka suluhu na Tottenham Hotspur kwenye uwanja wa Stamford Bridge, José Mourinho alilalamika kwamba wageni walileta basi na kuliacha mbele ya goli, akaeleza kuwa huo ni usemi wa kwao Ureno. Kutoka Kireno ukaingia Kiingereza, na kutoka Kiingereza ukaingia vibanda vya kuonyeshea mpira vya Afrika Mashariki, ambako ulipata umbo lake: kupaki basi. Leo shabiki wa Kariakoo anaposema timu fulani imepaki basi, hahitaji maelezo. Kwa hiyo “kuegesha basi” ya mashine haipaswi kufutwa na kuwa “kucheza kwa kujilinda sana.” Irudishwe tu kwenye kitenzi ambacho watu wanakitumia. “Kuegesha” ni cha dereva, “kupaki” ndicho cha beki.

Majina ya utani ya timu yana tabia hiyohiyo. Arsenal ni Washika Bunduki na Manchester United ni Mashetani Wekundu kwa msomaji wa Kiswahili, na hakuna sababu ya kuyakwepa. Lakini Wolves wakigeuzwa kuwa mbwa mwitu, habari ya ligi inakuwa habari ya mbuga. Tofauti haimo katika maneno yenyewe, imo katika nani ameshayatamka. Lugha ya soka ya Kiswahili ilijengwa kwa midomo, na watangazaji wa redio kama Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania walipaswa kupata neno kabla mpira haujatoka nje. Kilichokubaliwa na masikio ya wasikilizaji kikabaki. Mhariri anayesafisha anapaswa kuwa na masikio hayo.

Aya ile ikishapitishwa kwenye ukaguzi wote, na tuseme rekodi ya mechi inaonyesha shuti moja liligonga mwamba na jingine mlingoti, na bao lilifungwa dakika ya 88, inasomeka hivi:

“Kocha alifurahi kuona timu yake imemaliza mechi bila kuruhusu bao. Wageni walipaki basi, ingawa mashuti yao mawili yaligonga goli, moja kwenye mwamba na jingine kwenye mlingoti. Dakika ya 88, mchezaji aliyetokea benchi alimpiga beki tobo na kufunga bao la ushindi.”

Sentensi mbili zimekuwa tatu, na mpangilio wa matukio umenyooka. Mambo mawili yaliyoongezwa, yaani dakika na mahali mashuti yalipogonga, hayakuwamo kwenye Kiingereza. Yametoka kwenye rekodi ya mechi. Huko ndiko muda mwingi wa kazi hii unakokwenda, na mtu anayemlipa mhariri kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa hauoni.

Kauli za watu zinahitaji mkono wa tahadhari zaidi. Kocha akinukuliwa akisema milingoti imehamishwa, alama za kunukuu zinamwambia msomaji kwamba hayo ndiyo maneno yake. Mhariri akiandika ndani ya alama hizo “wamenigeuzia kibao,” amempa kocha wa Kiingereza msemo wa Kiswahili, na pengine hata maana imesogea, kwa kuwa kugeuziwa kibao ni zaidi ya kubadilishiwa masharti. Njia salama ni kuziondoa alama na kutumia kauli taarifa: kocha alilalamika kwamba masharti aliyopewa mwanzoni mwa msimu yamebadilishwa. Sentensi hiyo ikishaandikwa, inaonyesha pengo ambalo msemo ulikuwa umelificha. Masharti gani? Yalikuwaje, na sasa ni yapi? Mara nyingi jibu liko aya tatu chini katika habari ya asili: nafasi ya nne imekuwa kombe. Likipatikana, liletwe juu pale pale. Msomaji atapata habari kamili kuliko aliyoipata msomaji wa Kiingereza.

Yote haya hufanyika wakati mbaya. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinazoanza saa 3 usiku kwa saa za Ulaya ya kati huanza saa 5 usiku Afrika Mashariki wakati wa baridi yao, na filimbi ya mwisho hulia saa 7 ikikaribia. Mtambo wa kuchapia hausubiri, na tovuti nazo zinataka habari ndani ya dakika chache. Mashine inamaliza kutafsiri kabla mtu hajafungua chupa ya maji. Ni kishawishi kikubwa kusoma Kiswahili chake mara moja, kunyoosha panapokwaruza, na kupeleka.

Utaratibu unaookoa hata katika saa hiyo ni kugeuza mpangilio wa kusoma. Habari ya asili isomwe kwanza, mpaka mwisho, na mhariri ajisimulie kimoyomoyo kilichotokea: nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alitolewa, nani analalamika na kwa nini. Ndipo afungue Kiswahili. Akianza na Kiswahili, unyororo wake utamshawishi, na akija kutazama Kiingereza atakuwa anatafuta uthibitisho wa alichokwisha kuamini. Akianza na tukio, “kifo cha ghafla” kitamkwaruza papo hapo, kwa sababu katika mechi aliyojisimulia hakuna aliyekufa. Halafu atazame vitu vichache vinavyopita kimya: cheo cha kila mtu, kila neno la kifo au ugonjwa, muda wa kila bao, na kila kitu cha uwanjani kinachosemekana kimesogea, kimefungwa au kimevunjika.

Vyumba vingi vya habari humpa mhariri wa usiku faili moja tu, lile la Kiswahili lililotoka kwenye mashine, na kumtaka “alipitie.” Kwa faili hilo peke yake hawezi kujua kama kipa alisogeza milingoti kwa mguu au kocha alibadilishiwa mkataba. Wakuu wa madawati ya michezo wawape wahariri wao habari ya asili na rekodi ya mechi pamoja na tafsiri, na mhariri asiyepewa akatae kuweka jina lake kwenye habari hiyo.